Bawa la nyuma haliongezi mbio

"Nikifunga bawa nyuma, si gari litakimbia zaidi nikitoka Nakuru kwenda Naivasha?"

La, kwenye barabara iliyonyooka litapungua kasi. Bawa la gari la mashindano ni kama la ndege lililopinduliwa: hewa hupita kasi zaidi chini yake, shinikizo la huko hushuka, na gari hugandamizwa barabarani. Faida huonekana kwenye kona, tairi zinaposhika vizuri bila gari kuongezwa uzito.

Gharama ni ukinzani wa hewa. Ukitoka kilomita 100 hadi 200 kwa saa, mgandamizo na ukinzani huongezeka mara 4, na nguvu ya injini inayoliwa na hewa mara 8!

Sakafu iliyochongwa vizuri hugandamiza kwa ukinzani mdogo, ila lazima iwe karibu na lami. Magari ya Safari Rali pale Naivasha huinuliwa yakwepe mawe, kwa hiyo bawa ndilo hubeba kazi kubwa.