Bima ya Mashine Si Bima ya Fundi: Fidia ya Majeraha Kazini kwa Karakana Ndogo

Miongoni mwa malalamiko yanayofikishwa katika ofisi za usalama na afya kazini hapa Kisumu na kaunti jirani, limo moja linalojirudia kwa sura mbalimbali. Mwenye karakana anafika akiwa na hati yake ya bima mkononi, ameilipia kwa wakati, na anataka kuelezwa ni kwa nini kampuni ya bima imekataa kumlipa fundi wake aliyeumia. Tukiifungua hati hiyo tunakuta kwamba ni bima ya moto, au ya wizi, au ya yote mawili. Ndani yake zimeorodheshwa mashine, mbao, bidhaa zilizokamilika na jengo lenyewe. Hakuna mahali palipotajwa mtu. Katika hali kama hiyo kampuni haijamdhulumu yeyote, kwa kuwa bima inayodaiwa haikununuliwa.

Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo wengi huiita WIBA na ambayo ilianza kutumika Juni 2008, inamtaka kila mwajiri katika kifungu cha 7 awe na bima inayobeba dhima yake kwa wafanyakazi wanaoumia au kuugua kutokana na kazi. Sheria haikuweka idadi ya chini ya wafanyakazi. Karakana ya watu watatu pale Kibuye imo, sawa na kiwanda cha sukari. Mfanyakazi, kwa maana ya sheria hii, ni yeyote aliyeajiriwa kwa ujira chini ya mkataba wa kazi, uwe wa maandishi au wa mdomo, na mwanagenzi anayefundishwa kazi ametajwa waziwazi. Kwa hiyo dai la kwamba "huyu ni kibarua tu" au "huyu bado anajifunza" halimwondoi mtu katika hesabu, na tungeomba lisiletwe tena kama utetezi. Mwajiri asiyekuwa na bima hiyo anatenda kosa, na akipatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi mitatu, au vyote viwili. Ieleweke pia kwamba kulipa faini hakufuti fidia. Deni la mfanyakazi hubaki pale pale, na mwajiri atalilipa kutoka mfukoni mwake.

Ili tofauti ya bima hizi mbili ionekane, tuchukue mfano wa kubuni wa karakana ya useremala yenye mashine ya kuranda, msumeno wa umeme na chumba kidogo cha kupakia vanishi. Mmoja wa mafundi anatumia grainda karibu na mlango wa chumba hicho, cheche zinafikia mvuke wa thina, na moto unalipuka. Mashine ya kuranda inaharibika, makochi yaliyokuwa yakisubiri wateja yanateketea, na fundi anaungua mkono wa kulia. Tukio ni moja, lakini madai ni mawili, yanapelekwa kwa njia mbili, na yanahesabiwa kwa vipimo ambavyo havihusiani hata kidogo.

Dai la mali hupimwa kwa thamani ya vitu. Tuseme mashine na bidhaa zote za karakana hiyo zina thamani ya shilingi 800,000, lakini mwenyewe, kwa kutaka kupunguza malipo ya bima, alizikatia bima ya shilingi 400,000. Hasara ya moto ni shilingi 300,000. Kwa kuwa alikata bima ya nusu ya thamani, mikataba mingi ya moto inaruhusu kampuni kulipa nusu ya hasara, yaani shilingi 150,000, kisha itoe kile kiasi ambacho mwenye bima alikubali kukibeba mwenyewe. Fedha hizo ni za mwenye karakana. Hata kama angekata bima ya thamani kamili na kulipwa senti yote, hakuna sehemu ya malipo hayo iliyopimwa kwa ajili ya mkono wa fundi.

Dai la fundi hupimwa kwa mshahara wake na kwa kiwango cha ulemavu. Tuseme alikuwa akipata shilingi 24,000 kwa mwezi. Kwanza kuna gharama zinazofaa za matibabu, pamoja na kumfikisha hospitalini, ambazo ni jukumu la mwajiri. Pili, kwa muda ambao hawezi kufanya kazi kabisa, iwapo ni siku tatu au zaidi, hulipwa malipo ya vipindi yanayolingana na mapato yake, kwa muda usiozidi miezi 12. Akikaa nyumbani miezi mitatu, hiyo ni shilingi 72,000. Tatu, jeraha likishapona, daktari hupima ulemavu uliobaki kwa asilimia, akiongozwa na jedwali la kwanza la sheria. Ulemavu kamili wa kudumu huhesabiwa kwa mapato ya miezi 96, ambayo kwa fundi huyu ni shilingi 2,304,000, na ulemavu wa sehemu hulipwa kwa asilimia ya kiasi hicho. Daktari akiandika asilimia 15, fidia ni shilingi 345,600. Hesabu yote hii iko chini ya viwango vya chini na vya juu ambavyo Waziri ana mamlaka ya kuviweka. Mfanyakazi akifariki, wanaomtegemea hulipwa kwa msingi huo huo wa miezi 96, na kuna gharama za mazishi.

Msomaji ataona kwamba msingi wa hesabu ya pili ni mshahara, na hapa ndipo wenye karakana wengi hujikwaa hata baada ya kununua bima inayofaa. Malipo ya bima ya WIBA hukokotolewa kutokana na jumla ya mishahara ya mwaka mzima na aina ya kazi, kwa maana anayesukuma mbao kwenye msumeno yuko hatarini kuliko anayeandika risiti. Mwenye karakana anayetangaza kwamba fundi hupata shilingi 12,000, ilhali anamlipa 24,000, huokoa kiasi kidogo mwanzoni mwa mwaka. Ajali ikitokea, kampuni ina sababu ya kulipa kwa kiwango kilichotangazwa, na katika mfano wetu hiyo ni shilingi 172,800 kwa ulemavu wa kudumu. Ofisi yetu itahesabu kwa mapato halisi, kwa hiyo shilingi 172,800 zilizobaki zitadaiwa kwa mwajiri. Sheria inamtaka mwajiri atunze rejista ya mapato ya wafanyakazi wake kwa miaka sita baada ya ingizo la mwisho, na daftari lililoandikwa kwa kalamu linatosha mradi liwe la kweli. Vibarua wa msimu nao wajumlishwe kwa makadirio, kisha hesabu irekebishwe mwisho wa mwaka wa bima, kama mkataba unavyotaka.

Kuhusu utaratibu, tunaomba usomwe kwa makini kwa sababu siku zinahesabika. Mfanyakazi, au mtu kwa niaba yake, humjulisha mwajiri kwa maandishi au kwa mdomo. Mwajiri anapopata taarifa, anazo siku saba za kuripoti ajali kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na ripoti hiyo hupokelewa katika ofisi ya kaunti kwa fomu ya DOSH/WIBA 1, ambayo ina sehemu ya mwajiri na sehemu ya daktari. Ajali iliyosababisha kifo hujulishwa ndani ya saa 24. Dai lenyewe linapaswa kuwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali, au tangu siku ya kifo. Dai likishawasilishwa na Mkurugenzi kwa mwajiri au kwa kampuni ya bima, linatakiwa kulipwa ndani ya siku 90. Kampuni ya bima nayo ijulishwe mara moja, kwa kuwa mkataba wake una masharti yake ya taarifa, na kuripoti kwetu hakuchukui nafasi ya kuripoti kwake.

Baadhi ya waajiri hunyamaza kwa kuamini kwamba fundi aliumia kwa uzembe wake. Fidia hii haiulizi nani alizembea. Kinachoulizwa ni kama ajali ilitokana na kazi na ilitokea katika kazi. Utovu wa nidhamu wa makusudi unaweza kumnyima mtu fidia, lakini si pale ajali ilipoleta ulemavu mkubwa au kifo. Wengine humpa majeruhi shilingi elfu chache na kumtia sahihi karatasi ya kwamba hatadai tena. Makubaliano ya kumfanya mfanyakazi aachilie haki yake chini ya sheria hii ni batili, hata yakishuhudiwa na mzee wa mtaa. Bima ya dhima kwa umma haisaidii pia, kwa sababu inamhusu mteja aliyeangukiwa na ubao dukani, na kwa kawaida huwatoa wafanyakazi wa mwenye bima. Kadi ya SHA inahusu matibabu, na haina hesabu ya mishahara iliyopotea wala ya asilimia ya ulemavu.

Jambo linalochanganya zaidi ni zile hati za biashara ndogo ambazo huunganisha bima kadhaa katika kijitabu kimoja. Mwenye karakana huona kichwa cha sehemu ya majeraha kazini na kuamini kwamba amekingwa. Tafadhali fungua ukurasa wa jedwali la mkataba, ule wenye jina lako, tarehe na viwango. Sehemu iliyo hai ina idadi ya wafanyakazi, kazi zao, jumla ya mishahara ya mwaka na kiasi cha malipo kilichotozwa. Sehemu ambayo safu zake zimeachwa tupu, au imeandikwa kwamba haikuchukuliwa, haikukingi, hata kama masharti yake yamechapishwa kurasa tano. Hakikisha vilevile kwamba kampuni imo katika orodha ya zilizopewa leseni na Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, na kwamba fedha zimeifikia, kwa kuwa kifungu cha 156 cha Sheria ya Bima hakiruhusu kampuni kubeba hatari kabla ya kupokea malipo. Ahadi ya wakala kwamba utalipa mwisho wa mwezi si kinga ya leo.

Mfanyakazi au mwajiri asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi anaweza kuwasilisha pingamizi kwake ndani ya siku 60. Mkurugenzi hujibu kwa maandishi ndani ya siku 14, na asiyeridhika na jibu hilo ana siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Baada ya uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Desemba 2019 uliothibitisha utaratibu huu, dai la jeraha la kazini huanzia kwa Mkurugenzi, na mtu anayelipeleka kwanza mahakamani ana hatari ya kurudishwa kwetu huku miezi 12 yake ikiwa imeshapita.