Mbegu ya viazi kwenye picha: soma machipukizi, kisha shika kisu

Nikiletewa picha ya mbegu za viazi, naanza na machipukizi. Chipukizi zuri ni fupi na nene, sentimita 1 hadi 2 hivi, lina rangi ya kijani au zambarau, na ukiligusa haling'oki. Hilo limekulia kwenye mwanga hafifu. Likiwa jeupe na refu, limekulia gizani na litakatika kwenye gunia kabla halijafika shambani. Hapo kosa ni la ghala, si la kiazi. Linalonitia wasiwasi ni chipukizi jembamba kama uzi. Kiazi hicho ama kimezeeka mno ama kina virusi, na kwa vyovyote sikipandi.

Sasa tuseme picha ina viazi vitatu, kila kimoja ukubwa wa yai la kuku.

Cha kwanza kina chipukizi moja tu, kichwani, na ganda limegeuka kijani. Ukijani unakifanya kisifae kuliwa, lakini kwa mbegu hauna neno. Chipukizi la pekee ni dalili kwamba kiazi bado kichanga. Livunje, kiache kwenye mwanga hafifu hadi macho mengine yaamke, la sivyo utapata mashina machache mno.

Cha pili kina madoa meusi kama udongo uliokauka. Hapa picha haitoshi. Kilowanishe, usugue kwa kidole: udongo utatoka. Doa likibaki palepale, gumu, likitoka kwa kubanduliwa na ukucha tu, ni kuvu wa raizoktonia, ambaye hula chipukizi likiwa bado chini ya ardhi. Doa moja mawili navumilia. Kiazi kilichotapakaa madoa nakitoa.

Cha tatu kinapendeza kuliko vyote, ila udongo umeganda machoni tu, kwingine ganda ni kavu na safi. Hiki ndicho cha kuogopa. Udongo hunata pale kwa sababu jicho linatoa utomvu wenye bakteria wa mnyauko. Kikate upande wa kitovu, pale kiazi kilipokuwa kimeshikana na mmea, kisha kibinye. Ukiona pete ya kahawia karibu na ganda, na matone meupe mazito yakitoka kwenye pete hiyo, kataa shehena nzima, si kiazi hicho peke yake. Kisu nacho kisafishe kwa dawa ya klorini kabla hujagusa kingine.

Kwa hiyo omba picha mbili zaidi: kiazi kilichooshwa, kikiwa kivulini, na uso wa kiazi kilichokatwa. Hata hivyo kiazi kinaweza kubeba mnyauko bila dalili yoyote, pete isionekane wala tone lisitoke. Ndiyo maana muuzaji namuuliza jambo moja ambalo kamera haipigi: katika shamba zilikotoka mbegu hizi, kuna mimea iliyonyauka ikiwa bado mibichi?