Longonot kwa matatu: panga safari ya kurudi kabla ya kupanda

Wengi wanaotupigia simu kuhusu Mlima Longonot huuliza kama kupanda ni kugumu. Ni mlima wa siku moja, wenye kilele cha mita 2,776, na mtu mwenye afya ya kawaida anauweza. Wachache mno huuliza watarudi vipi Nairobi. Ilhali simu tunazopokea jioni za Jumapili si za watu waliokwama mlimani. Ni za watu waliokwisha kushuka salama, wamesimama kando ya barabara kuu, jua linazama, na kila matatu inayopita imejaa.

Nianze na kwenda, kwa sababu kosa la asubuhi ndilo hulipwa jioni.

Matatu za Naivasha huondoka katikati ya Nairobi, upande wa Nyamakima na River Road. Ukipita Limuru, pale Rironi, njia hugawanyika. Barabara ya juu hupitia Flyover na Kinungi. Ya chini huteremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi mji wa Mai Mahiu, kisha ikapita chini ya mlima wenyewe. Zote mbili hufika Naivasha, lakini ni ya chini tu inayopita Longonot. Sasa ukimuuliza makanga, "Hii inaenda Longonot?" atakujibu, "Panda tu, tunafika." Hajakudanganya. Anajua ukifika Naivasha mjini utapata gari la kukurudisha nyuma karibu kilomita 20. Muulize hivi: "Mnapitia Mai Mahiu ama Flyover?" Swali hilo halina jibu la kukwepa. Kama umeshapanda na una shaka, angalia dirishani. Ukiona bonde limefunguka upande wa kushoto, na chini ya mteremko ukapita kanisa dogo la Waitaliano lililojengwa na mateka wa Vita Vikuu vya Pili, uko njia sahihi. Ukiona mabango ya Kinungi, tulia, nenda Naivasha, na ujihesabie umepoteza kama saa moja hivi.

Mwambie makanga mapema kwamba unashukia kituo cha biashara cha Longonot. Kutoka barabarani hadi lango la hifadhi, watu wengi huchukua bodaboda. Hapo ndipo kazi ya kupanga safari ya kurudi inapoanza, kabla hata hujaona njia ya mlima. Mwendeshaji anayekupeleka asubuhi ndiye utakayemhitaji alasiri. Kubalianeni saa ya kukuchukua langoni na bei, chukua namba yake, umpigie papo hapo ili naye aipate yako. Mlipe ya kwenda tu. Ya kurudi atalipwa akirudi. Usitegemee kwamba utampigia ukiwa juu. Simu inaweza kuwa imeisha chaji au mtandao ukakataa, ndiyo maana saa inatajwa mapema na simu inabaki ya kuthibitisha tu.

Langoni, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori halipokei pesa taslimu. Malipo hufanywa kwa mfumo wa eCitizen, na ni vizuri uyamalize ukiwa nyumbani, kwa sababu nimeona watu wakila dakika 40 pale wakihangaika na nywila waliyoisahau. Pesa taslimu ya nauli ya kurudi itie mfuko wa peke yake, na uisahau kabisa hadi jioni.

Sasa hesabu ya saa. Ifanye kinyumenyume, kuanzia mwisho. Huku kwetu karibu na ikweta giza halina adabu: jua huzama kama saa 12:30 jioni, na nusu saa baadaye huoni mtu aliye mbele yako. Hifadhi yenyewe hufungwa saa 12 jioni. Lakini lango si mwisho wa safari, kwa hiyo saa ya kufunga lango isikutawale. Saa muhimu ni ile ya kuketi kwenye gari la Nairobi, na mimi huiweka saa 11 jioni, isizidi. Gari hilo utalipandia Naivasha, si Longonot, kwa sababu nitakayoieleza mbele. Ili uketi saa 11 ukiwa Naivasha, uwe barabarani Longonot kufikia saa 10, na langoni saa 9:30 alasiri.

Mlimani je? Kutoka langoni hadi ukingo wa kasoko, yaani lile shimo kubwa la volkano, ni kilomita 3.1 za kupanda, na wengi huchukua kati ya saa moja na saa moja na nusu. Kuuzunguka ukingo wote ni kilomita 7.2, zenye kupanda na kushuka kwingi kuliko inavyoonekana kwa mbali. Hesabu saa tatu pamoja na mapumziko. Kushuka ni saa moja, labda pungufu kidogo. Jumla ni kama saa tano na nusu, hivyo uwe umeanza kupanda kabla ya saa 4 asubuhi, na matatu yako iwe imetoka Nairobi kwenye saa 1. Gari halitoki mpaka lijae, kwa hiyo wewe uwe stejini saa 12.

Kuna uamuzi mmoja tu mgumu, nao unafanywa ukingoni. Ukifika pale baada ya saa 5:30, usizunguke. Kaa, kula, tazama msitu ulio ndani ya kasoko, kisha ushuke kwa njia uliyopandia. Ukingo ni duara lisilo na njia ya mkato: ukishafika nusu, kurudi na kuendelea ni mwendo uleule. Na uchovu wa nusu ya pili hukutana na majivu ya volkano yanayoteleza kama mchanga mkavu, juu ya mlima usio na maji hata tone.

Nichukue Jumapili moja ya watu wawili, binamu, waliotoka Nairobi kwa matatu. Walikuwa stejini saa 1 asubuhi, gari likajaa na kuondoka saa 1:40. Walishukia Longonot saa 3:30, wakawa langoni saa 4 wakishughulika na malipo, wakaanza kupanda saa 4:20. Ukingoni walifika saa 5:45. Mmoja alitaka kurudi, mwingine akasema wamelipa pesa zao, wakazunguka. Walitoka langoni saa 10:15. Bodaboda ya asubuhi hawakuwa na namba yake, na zilizokuwepo zilikuwa zimebeba wengine, wakangoja nusu saa. Hadi hapo walikuwa wamechelewa, lakini bado hawajaharibu kitu. Waliharibu walipofika lami. Walivuka barabara, wakasimama upande wa magari yanayoelekea Nairobi, wakawa wanapunga mkono. Saa 12:20 walikuwa bado pale, na mwenye gari binafsi wasiyemjua alikuwa amesimama anawaambia waingie.

Kwa nini walikosa? Matatu haitoki Naivasha au Nakuru mpaka ijae. Ikipita Longonot haina nafasi, isipokuwa kuna abiria aliyeshukia hapohapo. Siku za kazi hutokea mara kwa mara. Jumapili jioni kila mtu anarudi Nairobi na hakuna anayeshukia njiani, na hata ikipatikana nafasi moja, ninyi mko wawili na nauli imepanda. Mtu aliyepiga mahesabu haya husimama upande usiotarajiwa: habanduki upande wa mlima, havuki barabara, anasimamisha gari linaloelekea Naivasha. Hayo yanayotoka Nairobi na Mai Mahiu huwa yanaendelea kupunguza watu. Ndani ya muda mfupi yuko stejini Naivasha, anachagua kiti, anafunga mkanda, na gari likijaa linaondoka naye. Amerudi nyuma kilomita 20 na bado atatangulia kufika. Faida nyingine ni kwamba hakuvuka kwa miguu iliyochoka barabara yenye malori mazito yanayokimbia.

Hao binamu niliwaambia kwa simu wafanye hivyohivyo. Walifika Naivasha giza limeingia, wakalala nyumba ya wageni. Mmoja alinuna kwa sababu ya kazi ya Jumatatu, lakini walipanda gari la alfajiri. Na hiyo ndiyo kanuni ninayoifundisha: ikifika saa 12 jioni hujaketi kwenye gari, siku imekwisha, unalala Naivasha. Bei ya chumba iwemo kwenye bajeti tangu nyumbani, kama maji na viatu. Mteremko wa Mai Mahiu usiku, wenye kona, ukungu na malori yaliyoharibika bila taa, si mahali pa kupita na dereva unayemwona anakimbizana na safari ya mwisho.

Bodaboda nayo ina mpaka wake. Ikubebe kati ya lango na lami, mtu mmoja kwa pikipiki, na kofia ngumu kichwani. Ikikuambia ikufikishe Naivasha au Mai Mahiu gizani kwa barabara hiyo kuu, kataa hata kama bei ni nzuri. Ikikosekana kabisa na unalazimika kutembea hadi barabarani, tembea kungali mchana na ushike barabara, usikate vichakani. Kuna nyati eneo hilo, na nyati jioni huwa hana habari na wewe mpaka umkaribie.

Vikundi vya watu kumi na zaidi vina njia rahisi: kukodi matatu ya abiria 14 nzima, kwenda na kurudi. Shika nusu ya pesa hadi mrudi, na mwandikiane kwa ujumbe wa simu kwamba gari litangoja langoni. Madereva wengine huona saa tano za kungoja ni nyingi, wakaenda kupiga safari ya Naivasha katikati. Akirudi, amerudi amechoka, na ni yeye atakayewapandisha ule mteremko.

Msimu wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, ongeza jambo moja: asubuhi uliza hali ya barabara zote mbili, si ya mlima pekee. Mafuriko ya tarehe 29 Aprili 2024 pale Mai Mahiu yaliua watu usiku na kukata barabara. Barabara ya chini ikifungwa ukiwa mlimani, safari yako ya kurudi ni Naivasha kisha barabara ya juu, na inafaa kuijua kabla.

Mwisho, mtu mmoja nyumbani awe na vitu vitatu kwa maandishi: namba ya bodaboda, saa utakayotoka langoni, na saa ambayo asipokusikia atapiga 999 au 112. Hiyo ya tatu iwe saa 2 usiku. Na ukitoka langoni, tia sahihi ya kutoka, maana jina lililoachwa wazi kwenye kitabu huwapandisha askari mlimani na tochi kumtafuta mtu ambaye yuko Nairobi anaoga.