Maelezo ya Bidhaa Kabla ya Shule Kufunguliwa: Dhana Potofu na Ukweli

Wauzaji wengi wa mtandaoni nchini Tanzania huamini kwamba wiki ya kufunguliwa shule mwezi Januari ndiyo wakati wa kurekebisha maelezo ya bidhaa. Ukweli ni kwamba wiki hiyo wamechelewa. Mzazi ambaye mtoto wake amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza katika shule ya bweni huanza kutafuta mahitaji mara tu anapoipata fomu ya kujiunga, na hutafuta kwa maneno aliyoyasoma humo: tranka, godoro, viatu vyeusi vya kamba. Google nayo haiusomi upya ukurasa papo hapo. Huenda zikapita siku kadhaa au hata wiki kadhaa, hivyo mabadiliko yanafaa kuwa yamekamilika kabla ya Desemba.

Dhana nyingine ni kwamba inatosha kubandika maneno “ofa ya kufungua shule” juu ya kila bidhaa. Mzazi hatafuti ofa. Anatafuta kiatu ambacho mwanawe hatarudishwa nacho getini. Chukua mfano wa ukurasa wenye kichwa “Kiatu imara cha kisasa, rangi nyeusi”. Kichwa hicho hakisemi ni kiatu cha shule, wala cha kamba, wala namba zilizopo. Kikiandikwa “Viatu vyeusi vya shule vya kamba, namba 36 hadi 42”, kinajibu alichoulizwa mzazi na fomu. Maelezo ya chini yataje soli, urefu wa kisigino na kama ni ngozi au rekzini, kwa ukweli, kwa sababu shule zinazodai ngozi zipo na kiatu kisichofaa kitarudishwa dukani. Kurudia “viatu vya shule” mara kumi hakusaidii. Google huhesabu ujazaji huo wa maneno kuwa ukiukaji wa kanuni zake.

Wapo pia wanaodhani kwamba maneno ya wanunuzi hubahatishwa. Mwenye tovuti yake anaweza kuyaona katika Google Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, ambayo huhifadhi takwimu za miezi 16. Kwa hiyo mwezi Novemba bado anaweza kusoma yaliyotafutwa Desemba na Januari zilizopita. Neno lililofanya ukurasa uonyeshwe mara nyingi lakini ukabofywa mara chache ndilo la kushughulikia kwanza, maana mara nyingi kichwa hakikumpa mtafutaji alichotaka. Kwa kanzu na madira ya Idi, mwezi ule ule wa mwaka jana hupotosha, kwa kuwa sikukuu huja mapema zaidi kwa takriban siku 10 au 11 kila mwaka. Linganisha Ramadhani na Ramadhani.

Mwisho, si kweli kwamba kila msimu unahitaji ukurasa mpya. Anwani ya zamani tayari inajulikana na Google, na huenda tovuti nyingine zimeiunganisha. Badilisha maandishi yake, kisha msimu ukipita ondoa tarehe na namba za viatu zilizokwisha.