Riba haibadiliki, lakini deni lako ni la franka au la dola?

Katika ofisi yetu ya mikopo hapa Lubumbashi, wateja wengi siku hizi wanatuambia hivi: vitu vimepanda bei, kwa hiyo deni la zamani limekuwa jepesi, na ukichelewa kulipa litazidi kuwa jepesi. Kuna ukweli mdogo ndani yake, lakini unawaponza watu.

Tuchukue mama anayeuza unga wa mahindi, mwenye mkopo wa franka na malipo ya 300,000 kila mwezi. Gunia ananunua 45,000 na kuuza 50,000. Faida ni 5,000, kwa hiyo magunia 60 yanalipa deni la mwezi. Bei zikipanda, akinunua 54,000 na kuuza 60,000, faida inakuwa 6,000 na magunia 50 yanatosha. Hapo amepata nafuu kweli. Lakini akinunua 55,000 na kuuza 60,000, bado anahitaji magunia 60, tena kwa mtaji mkubwa zaidi. Angalieni faida inayobaki mkononi, si bei ya sokoni. Na mfanyakazi ambaye mshahara wake haujapanda hapati nafuu yoyote: malipo ni yaleyale, na chakula kinamla pesa zaidi.

Mkopeshaji naye si mjinga. Mwaka 2023, bei zilipopanda kwa zaidi ya asilimia 20, Banki Kuu ya Kongo ilipandisha riba yake hadi asilimia 25. Aliyekopa franka wakati ule alikuta mfumuko wa bei umeshahesabiwa ndani ya riba. Bei zikitulia baadaye, riba ile ile inakuwa nzito kwake.

Deni la dola ni jambo jingine kabisa, na tumelieleza mara nyingi. Riba ikiwa haibadiliki, kinachokaa palepale ni idadi ya dola. Tuseme unalipa dola 100 kwa mwezi nawe unauza kwa franka. Kambiste akitoa dola kwa 2,500, unatafuta 250,000. Ikifika 2,800, unatafuta 280,000. Franka ikiimarika, unapumua.

Sasa kuhusu kuchelewa. Soma kifungu cha penalite katika kontra yako. Ikisema asilimia 2 kwa mwezi juu ya malipo yaliyochelewa, basi 300,000 inazaa 6,000 kila mwezi, na riba ya kawaida inaendelea juu ya deni lililobaki. Pesa utakayoleta baadaye kwa kawaida inakata penalite kwanza, kisha riba, na mwisho ndipo deni lenyewe. Ndiyo maana mtu analipa miezi mitatu, anakuja kulalamika kwamba deni halishuki. Baadaye mdhamini wake anaitwa, kisha dhamana inachukuliwa.

Ukiona faida imepungua, njoo kabla ya tarehe ya malipo, ukiwa na kontra na daftari la mauzo ya miezi mitatu. Kabla ya tarehe hiyo ratiba inaweza kupangwa upya bila penalite. Ikishapita, ombi linakwenda kwenye kamati, na penalite inahesabiwa wakati unasubiri jibu.