Wastani wa makato si bei ya kontra

Huku Lubumbashi, kila mwisho wa mwezi nasikia hesabu ileile kwa wenye hoteli na maduka wanaopokea kadi. Wanachukua pesa zote banki ilizokata, wanazigawa kwa mauzo yote ya kadi, kisha wanasema: kontra ilisema 2%, wametukata 3%, wametuibia. Hesabu hiyo inatoa wastani wa makato tu. Kulinganisha na kontra ni kuhesabu upya, malipo kwa malipo, komisheni ambayo jedwali la bei linaruhusu, halafu kuiweka kando ya ile iliyokatwa kweli.

Wastani unadanganya pande zote mbili. Tuseme kontra ya hoteli inaweka 2% kwa kadi za ndani na 3% kwa kadi za kigeni, bila TVA. Mwezi huo wateja wa ndani wamelipa dola 4,000, wageni dola 6,000. Komisheni halali ni dola 80 na dola 180, jumla 260. Ongeza TVA ya 16%, inakuwa dola 301.60. Tayari umepita 3% ya mauzo, na hakuna aliyekosea.

Sasa tuseme banki imekata dola 336.40. Kwa jicho la wastani ni 3.4%, na mtu aliyezoea kuona zaidi ya 3% ataipitisha. Lakini imezidi kwa dola 34.80. Toa TVA ndani yake, inabaki dola 30 kamili. Kwa kuwa bei mbili za kontra zinapishana kwa 1%, dola 30 zinaelekea kwenye malipo ya dola 3,000 ya kadi za ndani yaliyohesabiwa kama ya kigeni. Kosa limejificha hapo.

Na hapa ndipo wengi wanapotea: kadi haiwi ya kigeni kwa sababu ina alama ya Visa, wala kwa sababu mteja amelipa kwa dola. Katika kontra za namna hii kinachotazamwa ni nchi ya banki iliyotoa kadi. Kadi ya Visa iliyotolewa na banki ya Kongo ni ya ndani. Ile ya mgeni kutoka Zambia, iliyotolewa na banki ya kwao, ni ya kigeni. Nchi hiyo inatambulika kwa tarakimu za mwanzo za namba ya kadi, kwa hiyo omba banki orodha ya kila malipo inayozionyesha. Karatasi ya jumla ya mwezi haitakusaidia.

Basi ukienda banki, usiseme “mmekata zaidi ya asilimia mbili”. Watakujibu kwa wastani uleule. Peleka mistari yenyewe: tarehe, kiasi, tarakimu nne za mwisho za kadi, bei iliyotumika, na bei ya kontra.