Nani hasa huzuia mishahara isishuke?

“Biashara ikidorora, mishahara ingeshuka kama si vyama vya wafanyakazi kuzuia, sivyo?”

Mara nyingi waajiri wenyewe ndio hawataki. Mwanauchumi Truman Bewley wa Chuo Kikuu cha Yale aliwahoji watu zaidi ya 300, wengi wao mameneja, kaskazini-mashariki mwa Marekani katika mdororo wa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hata pasipo na chama, walihofia kwamba aliyekatwa mshahara hubaki kazini na kinyongo, na walio hodari huhama kwanza. Anayeachishwa kazi huondoka na uchungu wake. Ndiyo maana, kwa bahati mbaya, ajira hutangulia kupungua. Na mishahara ikiganda, gharama hazishuki, hivyo bei nazo huchelewa. Wafanyakazi hukubali kukatwa hasa wakiona kampuni inakaribia kufilisika.